Laptopu yangu ya gemu kwenye joto la Dar: uzoefu wa miezi sita

Niliinunua ikiwa imetumika. Ni nyembamba, na ndani ina feni mbili ndogo. Dukani niliijaribu dakika tano, gemu likaenda laini kabisa, nikalipa. Nyumbani Mbagala, kwenye chumba cha bati kisicho na kiyoyozi, dakika kumi za kwanza zilikuwa safi, kisha picha zikaanza kukwamakwama. Fundi mmoja akaniambia kadi ya michoro inakufa. Iliniuma, maana hela ile niliidunduliza mwaka mzima.

Kabla ya kumwachia aifungue, nikaipima mwenyewe. Nilicheza dakika ishirini kwa binamu yangu, chumba kikiwa nyuzi 24. Ilianza na fremu 74 kwa sekunde, ikamalizia na 70, na `Task Manager` ikaonyesha kadi iko nyuzi 85. Kesho yake alasiri nikarudia kwangu, gemu lilelile na sehemu ileile, kipimajoto cha ukutani kikisoma 33. Ilianza na 73. Dakika ya nane kadi ikagota nyuzi 87, na fremu zikateremka mpaka 58.

Kumbe kadi ni nzima. Hiyo 87 ndiyo kikomo ilichowekewa kwenye mashine yangu. Ikifika hapo inajipunguzia umeme isiungue. Feni haizalishi baridi, inapuliza tu hewa ya chumbani kwenye vyuma vya kupoozea. Kwa binamu, kadi ilikuwa imeizidi hewa kwa nyuzi 61. Kwangu, kabla ya kugota kikomo, zimebaki 54 tu, kwa hiyo joto linaloweza kutoka limepungua kama sehemu moja kwa tisa. Na prosesa, inayotumia mabomba yaleyale ya kupoozea, inabanwa pia. Nadhani kukwama kunatoka hapo. Dukani sikuona kitu kwa sababu ndani ya dakika tano vyuma vilikuwa bado havijashiba joto.

Mlango ukifungwa ndiyo hatari zaidi, kwani umeme wote inaokula unarudi chumbani kama joto. Saa moja ya gemu, kipimajoto kinasoma 35.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kufunga fremu zisizidi 50 kwenye mipangilio ya gemu. Sasa kadi inatulia kwenye 82 na mchezo hautikisiki hata baada ya saa mbili. Pia nimeinyanyua nyuma kwa vizibo vinne vya soda ili hewa iingie chini, na feni ya mezani naielekeza ubavuni, isukume mbali hewa moto isifyonzwe tena.

Ingekuwa inagonga kikomo hata kwa binamu, ningeshuku vumbi au pasta ya kupitishia joto iliyokauka, na hapo ningemwita fundi.

Kwa pesa niliyotoa, naipa nyota tatu. Ukitaka kununua kama hii, mwombe muuzaji uicheze nusu saa, mchana, kiyoyozi kimezimwa.