Kadi za Krismasi za Kuchapisha Moshi: Mitindo Mitatu kwa Mpangilio wa Ubora

Anayetaka kuchapisha kadi za Krismasi mjini Moshi huonyeshwa kwa kawaida sampuli za aina tatu: kadi nyeupe ya kukunja yenye mchoro mdogo, kadi bapa yenye picha ya familia, na kadi ya kukunja ya rangi nzito yenye maandishi ya dhahabu. Nimezipima kwa ukunjufu, wepesi wa kusoma salamu na gharama. Hesabu yangu ni ya kadi 80 zinazotolewa kwenye mashine ya kidijitali, kwa sababu mtambo mkubwa wa ofseti huhitaji bamba kwa kila rangi, na gharama hiyo haina maana mpaka kadi zifike mamia.

Nafasi ya kwanza naipa kadi nyeupe ya kukunja. Mchoro, uwe nyota, hori au kilele cha Kibo (ambacho hakikosekani kwenye kadi za Moshi, na sioni ubaya wake), ukae sehemu ya juu, na salamu iwe chini yake kwa wino mweusi au wa kijani iliyokolea. «Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya» ni salamu ndefu kwa kadi ya upana wa milimita 100, hivyo ikatwe baada ya neno «Krismasi» ili mistari miwili ilingane. Herufi za saizi 18 zilizo wima bibi aliyeko Rombo atazisoma bila kutafuta miwani, lakini herufi za mapambo zenye mikia hufanya H na K zisitambulike. Ndani pabaki patupu kwa ajili ya mkono wako, maana mistari mitatu iliyoandikwa kwa kalamu ikimtaja mpokeaji kwa jina ina ukunjufu kuliko shairi lililochapwa. Chagua karatasi ya gramu 250 hadi 300 isiyong'aa. Kwenye karatasi inayong'aa wino wa kalamu huchelewa kukauka na kidole huuburuta, jambo unaloweza kulijaribu palepale dukani kwa kuandika neno moja kwenye sampuli na kulipangusa.

Faida ya kadi hii nyeupe huonekana kwenye bei. Kadi ya milimita 100 kwa 140 ikifunguliwa huwa 200 kwa 140, na karatasi moja ya A3 hutoa nne. Kadi 80 ni karatasi 20, na mbili za akiba hufanya 22. Tuseme, kwa mfano tu, upande mmoja wa rangi ni shilingi 2,000: kuchapa nje peke yake ni shilingi 44,000, na kuchapa rangi ndani pia ni 88,000. Mashine huhesabu pande zilizopita, kwa hiyo ua dogo la rangi lililowekwa ndani hutozwa sawa na ukurasa mzima.

Kadi bapa ya picha inashika nafasi ya pili, ingawa ndiyo nafuu kuliko zote: A3 hutoa nane, na karatasi 11 zinatosha pamoja na akiba. Ukunjufu wake kwa ndugu hauna mpinzani. Kinachoishusha ni salamu kuwekwa juu ya nguo za kitenge au majani ya mgomba, ambako maneno humezwa. Acha ukanda mweupe chini ya picha kwa ajili ya salamu. Tena, karatasi isiyong'aa hufyonza wino na kuzifanya sura zetu nyeusi zipoteze macho na mashavu, hivyo mwombe mchapaji aongeze mwanga kidogo kwenye nyuso na akutolee nakala moja kwanza. Picha iliyotumwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupunguzwa ukubwa na huweza kutoka na ukungu. Itume kama hati.

Ya mwisho ni kadi nyekundu iliyokolea. Kwenye kioo cha kompyuta inavutia mno, lakini dhahabu ya mashine ya kawaida ni mchanganyiko wa njano na kahawia usiometa, na dhahabu halisi ya kubandikwa kwa joto huongeza kazi na bei. Herufi nyembamba juu ya rangi nzito huzibwa na wino. Rangi ikivuka mkunjo hupasuka na kuonyesha ufa mweupe, isipokuwa karatasi ipigwe mfuo kabla ya kukunjwa. Na kwa kuwa rangi inafika ukingoni, mchapaji anahitaji milimita 3 za ziada kila upande za kukata, kwa hiyo kadi nne hubanana mno kwenye A3.

Kwa mtindo wowote, nunua bahasha za C6 kabla ya kadi kukatwa, uingize nakala ya kwanza ndani yake. Kazi ipelekwe Novemba, kabla kalenda na kadi za harusi za Desemba hazijajaza foleni.