Utengeneze IST yako au ununue nyingine ya bei nafuu? Hesabu ya miaka miwili

Nimechagua gari ambalo limejaa Dar es Salaam: Toyota IST ya mwaka 2003, injini ya saisi 1300. Bodi bado nzima na gia boksi inabadilisha vizuri, ila injini inakula oili na asubuhi inatoa moshi wa bluu. Fundi amesema injini imekwisha. Dalali naye anasema akupatie milioni 5 leo, uongeze hela uchukue nyingine. Bei za magari na spea nitakazotumia ni za mfano, kwa hiyo weka za kwako mahali pake. Ada za serikali na bima nitazitaja kama zilivyo.

Kabla ya hesabu yoyote, hakikisha ugonjwa wenyewe. Omba kipimo cha kompresheni kwenye silinda zote. Silinda ikisoma chini, fundi amwagie kijiko cha oili kupitia tundu la plagi kisha apime tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Kikibaki chini, tatizo liko kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi. Kompresheni ikiwa nzuri na moshi wa bluu ukitoka tu unapowasha gari lililolala, mara nyingi ni sili za valvu, na hizo hazihitaji injini nyingine. Moshi mweupe usiokoma, maji yakipungua kwenye rejeta na oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, unaonyesha gasketi. Kipimo hiki ni cha lazima, kwa sababu watu wengi huuza gari kwa bei ya hasara kwa ugonjwa ambao ungetibika kwa hela ndogo.

Tuseme kweli ni ringi. Katika hali hiyo naweka kutengeneza namba moja. Injini ya mtumba kutoka Japani ni milioni 1.8. Ufundi, maunti, oili, kulanti na filta ni laki 6. Kwa kuwa gari limeshapanda juu, badili shokapu na bushi zilizochoka kwa laki 6 nyingine. Jumla ni milioni 3. Ongeza asilimia 15 ya dharura, ifike milioni 3.45. Nunua injini unayoweza kurudisha ndani ya siku mlizoandikiana, na udai risiti na nyaraka zake. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo baada ya kuibadili gari linakaguliwa na trafiki, kisha taarifa zinarekebishwa TRA. Ukiruka hatua hii utakwama siku ya kuuza.

Bima ndogo ni shilingi 100,000 na VAT ya asilimia 18, yaani 118,000 kwa mwaka, au 236,000 kwa miaka miwili. Ukiuza baada ya hapo kwa milioni 6.5, gharama yako halisi ni milioni 5 ulizoacha kuchukua leo, jumlisha 3.45 na 0.236, toa 6.5. Inabaki takriban milioni 2.19.

Namba mbili ni kuuza na kununua gari dogo la aina hiyohiyo, tuseme milioni 7. Kuhamisha umiliki ni ushuru wa stempu wa asilimia 1, hapa 70,000, ada ya uhamisho 50,000 na kadi mpya 10,000. Weka 150,000 ya mkataba na fundi wa kukagua, na dalali laki 2. Halafu kuna kitu ambacho wanunuzi wengi hawakiandiki: matengenezo ya miezi ya kwanza. Anayeuza gari kwa kawaida hakubadilisha betri wala tairi mwezi uliopita. Mimi huweka milioni 1.2 ya oili zote, breki, betri, tairi na legi. Bima ndogo ni ileile. Likiuzika milioni 6 baada ya miaka miwili, umetumia takriban milioni 2.92.

Tofauti ya hizo mbili ni kama laki 7 tu, na hapo ndipo uamuzi ulipo. Gia boksi yako ikianza kuchelewa kushika au kugonga inapobadili gia, na nyingine ikagharimu milioni 1.5, kutengeneza kunapanda hadi karibu milioni 3.7 na kununua kunashinda. Vivyo hivyo kama chasisi imeliwa na kutu. Kwa hiyo usiulize tu injini bei gani. Uliza ni kitu gani kingine kikubwa kitakufa ndani ya miaka miwili, na kama kipo, uza.

Namba tatu ni kuendelea kumwaga oili nzito na kusukuma siku. Nakubali kama unasubiri hela kwa miezi michache, kwa sharti la kupima oili kila unapojaza mafuta. Oili ikishuka chini ya alama injini inaweza kukwama, na hiyo milioni 5 ya dalali itapungua.

Mwisho kabisa naweka lile linalovutia zaidi machoni: kuchukua gari kubwa la bei rahisi, mfano Mark II Grande kwa milioni 6. Bei yake iko chini kwa sababu ya injini yake ya silinda sita, saisi 2000. Na hapa leseni inaingia. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, ile tuliyozoea kuiita rodi laisensi, ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye ushuru wa mafuta, shilingi 40 kwa lita. Maana yake gari linalokunywa zaidi linalipa leseni zaidi. Ukitembea kilometa 12,000 kwa mwaka, IST ikienda 13 kwa lita na Grande 9, Grande inahitaji lita 410 zaidi kila mwaka. Kwa shilingi 3,000 kwa lita, miaka miwili ni karibu milioni 2.46. Ukijumlisha uhamisho, mkataba, ukaguzi, dalali, bima ndogo, matengenezo ya mwanzo na kushuka kwa bei hadi milioni 4.8, unavuka milioni 5.5. Leseni yako ya udereva, 70,000 kwa miaka mitano, haibadiliki kwa kubadili gari, kwa hiyo iache nje ya hesabu.

Kuhusu bima kubwa, kiwango ni asilimia 3.5 ya thamani, kisha VAT juu yake. Kwa gari la milioni 7 ni 245,000, na VAT inafika 289,100. Kama gari likiibwa huna namna ya kununua jingine, ilipe. Uliza kwanza kama kampuni inapokea gari la umri huo, kwani nyingi husita. Na kumbuka kwamba fidia hufuata thamani ya gari sokoni siku ya ajali, hata kama ulitumia milioni 3 gereji wiki iliyopita.

Ukiamua kununua, ingiza namba ya gari kwenye tms.tpf.go.tz uone faini za trafiki, hakiki stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA, na uliza deni la maegesho TARURA. Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye kadi. Deni likionekana, mwuzaji alilipe kabla hamjasaini mkataba. Na gari unalouza usiliachie kwa kadi tupu na ahadi: nendeni mkahamishe umiliki TRA, la sivyo faini za mmiliki mpya zitaendelea kusomeka kwa jina lako.