Nyumba nzuri, dalali mjanja, na ile besi ya saa sita usiku

Nimehama. Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo anayetaka maelezo ya vyumba, maji na umeme aulize kwingine. Nyumba yenyewe sina neno nayo. Neno langu ni kelele, na yule dalali aliyenionyesha nyumba siku ya kazi, saa nne asubuhi.

Saa nne asubuhi mtaa wowote ni mtulivu. Baa imefungwa, watoto wako shule, soko limeshamaliza pilikapilika za kushusha mizigo, na waliokwenda ibadani wamesharudi. Mimi nikajiona mjuzi, nikatoa simu nikapima kwa programu ya dekibeli. Ikasoma 41. Nikafurahi kama nimepewa bure. Kumbe nilipimia sebuleni, madirisha yamefungwa, na dalali haachi kuongea. Sebule inatazama barabara. Chumba cha kulala kinatazama nyuma, na huko nyuma kulikuwa na ukuta mrefu ambao sikuuliza una nini ng'ambo yake.

Ng'ambo yake ni baa. Kama hatua sabini hivi.

Usiku wa Jumamosi ya kwanza nilijua. Cha ajabu, sikusikia wimbo. Hakuna sauti ya mwimbaji, hakuna gitaa, ni du, du, du tu, kama mtu anapiga godoro kwa ngumi chumba cha pili. Nikafunga dirisha: maneno ya walevi yakapotea, du likabaki. Nikaziba masikio kwa zile sponji, likawa kama limehamia kifuani. Nikaondoka kitandani kwenda katikati ya chumba, likapungua. Nikarudi kitandani, ambako kichwa changu kiko kwenye kona, likarudi na nguvu zake zote. Besi hujikusanya kwenye kona na kandokando ya kuta, ndiyo maana mita moja tu ya kusogeza kitanda unaweza kuhisi kama umebadilisha nyumba.

Nikachukua tena ile simu, na hapa ndipo nilipogundua nilivyojidanganya. Programu nyingi za kupimia zina vipimo viwili, `dBA` na `dBC`, na kawaida hufunguka kwenye cha kwanza. `dBA` inaiga sikio linavyosikia sauti ndogo, kwa hiyo besi inaikata vibaya sana: sauti ya hezi 63 inapunguziwa dekibeli kama 26 kabla namba haijafika kwenye kioo. Usiku ule `dBA` ilisema 38. Ungenionyesha 38 mchana ningesaini mkataba. Nikageuza kwenda `dBC`: 61. Tofauti ya 23! Zikipishana kwa zaidi ya 15 au 20 hivi, ujue unachokisikia kwa sehemu kubwa ni besi. Na maikrofoni ya simu si kifaa cha fundi, nyingine hazishiki vizuri sauti za chini kabisa, kwa hiyo huenda hali halisi ilikuwa mbaya zaidi. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 1999, lilitaja dekibeli 30 kwa chumba cha kulala, likasema penye besi nyingi inafaa iwe chini ya hapo.

Asubuhi nikampigia dalali. Nilianza kwa heshima, wallahi. "Kaka, mbona hukuniambia kuhusu baa?" Akacheka. "Dada, ulitafuta nyumba au ulitafuta makaburi?" Halafu akakata simu. Akanikatia mimi, niliyemlipa jasho langu!

Sentensi hiyo nimekaa nayo miezi kadhaa. Makaburi. Nikiwa jikoni naikumbuka.

Sasa niseme ukweli, ingawa unaniuma. Baadaye niligundua dalali mwenyewe anakaa upande wa pili wa baa ile ile, karibu kuliko mimi, na analala fofofo. Nilikwenda kusimama nje kwake usiku mmoja (ndiyo, nilifika huko). Unasikia watu, unasikia viti, lakini du haligongi hivyo, kwa sababu spika kubwa zimeegemezwa ukuta wa nyuma, yaani wa upande wangu, na ukuta wenyewe ndio unaotikisika. Kwa hiyo pengine hakunidanganya. Pengine kwake baa ni kelele ya watu tu. Lakini angeweza kusema hivyo bila kunitajia makaburi.

Na jambo jingine la kunishangaza: nilichokiogopa hakikunisumbua. Nilikataa nyumba mbili kabla ya hii kwa sababu ya vipaza sauti vya nyumba ya ibada. Hii ninayokaa sasa iko jirani na kimoja. Kinaniamsha alfajiri, sikatai, lakini kina saa yake na kinanyamaza. Cha kutazama pale ni mdomo wa kipaza sauti, ule wa umbo la tarumbeta, umeelekea wapi na uko juu kiasi gani. Sauti ile kali inakwenda mbele kama mwanga wa tochi: ukiwa ghorofa inayolingana nayo na ukitazamana nayo, imekula kwako, ukiwa pembeni au chini, na dirisha linafunga vizuri, inapungua sana, kwani sauti nyembamba hiyo ndiyo kioo kinaiweza. Besi haiwezi. Barabara nayo nilizoea mngurumo wake, ila nyumba iliyo mbele ya tuta siitaki, maana kila lori linafunga breki, linaruka, vyuma vinagonga, halafu linavuta gia upya.

Nyumba hii ya pili nilikwenda kuitazama mara tatu. Ijumaa saa sita usiku, siku ya soko saa kumi alfajiri, ambapo malori ya mboga hurudi nyuma yakilia pii pii, na Jumapili asubuhi. Usiku sikuingia ndani. Nilisimama chini ya dirisha la chumba cha kulala, nikaziba masikio kwa vidole, nikangoja. Kama bado unahisi pigo kifuani ukiwa umeziba masikio, usipoteze muda kuuliza habari za dirisha. Mchana nikamwomba mpangaji aliyekuwa anahama aniruhusu niweke kiganja kwenye kioo. Nyumba ya kwanza kioo kilikuwa kinatetemeka, na mimi nilidhani ni fremu mbovu.

Nikamuuliza mlinzi, si mwenye nyumba. "Shikamoo mzee, usiku hapa ni saa ngapi panatulia?" Akafikiri. "Marahaba mwanangu. Jumatano."

Nilicheka, nikapanga hapo hapo. Jumatano ni jibu la mtu anayekesha kweli, na alinieleza siku nyingine moja moja, mpaka saa ambayo muuza chips anazima redio.

Wiki iliyopita dalali wangu akapiga tena, kama hatukugombana. Ana nyumba nzuri, dada, tulivu kabisa. Nikamwambia sawa, nionyeshe Jumamosi saa tano usiku.

"Usiku sionyeshi nyumba," akasema. "Usiku mimi nalala."

Safari hii nilikata mimi.