Miezi minne na mpira wa bowling wa rezini: nusura niurudishe, kumbe tatizo lilikuwa mafuta

Wiki ya tatu niliubeba mpira huu hadi kwa fundi aliyeutoboa matundu ya vidole, nikiwa na hasira zangu. Nilimwambia umeharibika. Mchezo wa kwanza unapiga straiki mfululizo, yaani pini zote kumi zinalala kwa mrusho mmoja, mchezo wa tatu unakata kona kama umepagawa na kuigonga usoni pini ya 1, ile ya mbele kabisa. Mkono ni uleule, mwendo uleule, shabaha ileile. Hakuuchunguza hata. Aliuliza tu, "Ndugu yangu, mchezo wa tatu ulikuwa umesimama wapi?" Palepale, nikamjibu. Akacheka.

Mpira wenyewe ni wa ratili 15, ganda la rezini, umesuguliwa kwa msasa wa namba 2000, kwa hiyo haung'ai. Kabla yake nilikuwa natumia mipira ya plastiki ya ukumbini, ambayo hata uizungushe vipi huenda karibu moja kwa moja. Rezini ni kitu kingine. Ganda lake lina vinyweleo vidogo vinavyofyonza mafuta yaliyopakwa kwenye leni, ile njia ya mbao unayorushia mpira, na likikutana na mbao kavu linashika. Hapo ndipo mzunguko ulioutia kwa vidole unapogeuka kuwa kona.

Leni ina urefu wa futi 60 kutoka mstari wa faulo hadi pini ya 1, na upana wa mbao 39. Mimi natumia mkono wa kulia, basi nahesabu mbao kuanzia kulia. Mafuta hayapakwi leni nzima. Mashine huyapaka kwa ramani maalumu, na ramani ya kawaida ya ukumbini hufika kama futi 40 hivi; zinazobaki hadi kwenye pini ni kavu. Tena kwa upana hayalingani: katikati ni mengi, pembeni ni kidogo sana. Mpira huteleza kwenye mafuta, huanza kushika yanapokwisha, kisha hujiviringisha hadi kwenye pini.

Mgawanyo huo wa kati na pembeni ndio unaotufanya wengi tujione mabingwa kwenye ukumbi wa nyumbani. Ukikosea ukautupa nje kidogo, mpira hukuta pakavu na kurudi mapema. Ukikosea ndani, mafuta mengi huushikilia usikate kona. Makosa yote mawili huishia karibu na palepale. Kwenye ramani za mashindano mafuta hutandazwa kwa usawa zaidi, na msaada huo hupotea. Nimecheza juu yake mara moja tu, na sitataja alama zangu.

Sasa kilichonitokea. Mafuta yakiwa mapya nilimalizia mguu ubao wa 17, mpira ukatua ubao wa 11, ukapita juu ya mshale wa pili kati ya ile ya shabaha iliyochorwa kwenye leni, ambao uko ubao wa 10. Kuna hesabu wanayotumia wachezaji kukisia mpira utoke nje hadi wapi kabla ya kurudi: chukua urefu wa mafuta kwa futi, toa 31. Arobaini toa 31 ni 9. Na kweli, mpira wangu ulifika karibu na ubao wa 9, ukageuka, ukaingia poketi, yaani mwanya kati ya pini ya 1 na ya 3, na pini zikalala zote. Ni makisio tu, lakini yalinipa pa kuanzia.

Tatizo ni kwamba kila mpira wa rezini unaopita huondoka na mafuta. Tulikuwa wanne kwenye leni ile, watatu tukitumia rezini na wote wa mkono wa kulia, tukipita mlemle. Kufikia mchezo wa tatu njia yangu ilikuwa imekauka, na mpira ukaanza kushika mapema. Nilibakiza pini ya 4, halafu ya 4 tena, kisha ukaja mgawanyiko mbaya, pini zilizobaki zimeachana pande mbili: 4, 6, 7 na 10. Hiyo ndiyo dalili: mkono wa kulia ukibakiza pini ya 4 mara kwa mara, mpira unaigonga pini ya 1 katikati mno. Mimi nikajitia kurusha kwa nguvu zaidi. Nikaharibu na mwendo pia.

Dawa aliyonipa fundi ni kuhamia kushoto: miguu mbao mbili, shabaha ubao mmoja. Nilimuuliza kwa nini visihame sawa. Akanichorea. Mpira wangu wa mwanzo ulianzia ubao wa 11 na kupita wa 10 penye mishale, futi kama 15 mbele. Baada ya kuhama unaanzia wa 13 na kupita wa 11. Vuta mistari hiyo miwili hadi futi 30: yote inafika ubao wa 9. Kwa hiyo mwanzoni mpira unapita kwenye mafuta ambayo bado hayajaguswa, lakini mbele unafika kulekule unakotakiwa kugeukia. Wiki iliyofuata nilihama mara mbili katika michezo mitatu, na pini ya 4 ikaacha kunisumbua.

Jambo moja ninaloupendea mpira huu ni kwamba unakuonyesha mafuta, ambayo kwenye leni huyaoni kwa macho. Ukirudi, uangalie kabla ya kuufuta. Utaona pete za mafuta zilizoachana kidogo kidogo, kwa sababu kiini cha ndani huuyumbisha mhimili na kila mzunguko ukagusa ngozi mpya. Kwenye mafuta mapya pete zangu ni nene na zimelowa. Zikianza kufifia, najua njia imekauka, nami nahama kabla pini hazijaniadhibu. Kisha naufuta kwa kitambaa kikavu, kila mrusho. Nikisahau, naurusha mpira ukiwa na mafuta ya safari iliyopita na unateleza zaidi ya kawaida. Ukibakiza pini ya 2 au ukapita mbele ya pini ya 1 kabisa, usikimbilie kulaumu leni.

Kasoro zipo. Mafuta yanayofyonzwa hubaki ndani, na baada ya miezi miwili nilihisi umelegea hata kwenye leni kavu. Kuusafisha kwa dawa yake kila baada ya kucheza kumesaidia, na kuusugua upya kwa msasa kumesaidia zaidi, maana matumizi hulainisha ganda hata bila kukusudia. Asiyependa kazi hiyo asinunue. Pia kwenye leni zilizokauka sana, jioni baada ya watu wengi, haufai: unahama kushoto mpaka unakaribia mfereji wa upande wa pili, na bado unakata kona mapema. Hapo natamani ganda linalong'aa, ambalo huchelewa kushika.

Na kwa pini ya 10 iliyobaki peke yake pembeni kulia, nauacha kwenye rafu. Nachukua plastiki, naurusha kwa kukatisha leni kutoka kushoto, na mafuta yawe mengi au machache, unakwenda ulikotumwa.