Kreatini kwa wabeba zege na makuli: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kabla hujatoa hela, jiulize kazi yako inakuchosha kwa namna gani. Kuli anayepandisha gunia la lumbesa begani, akatembea hatua thelathini, akalitua na kurudi kuchukua jingine, anachoka tofauti na mtu anayepalilia mahindi tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Wa kwanza anatumia nguvu nyingi kwa sekunde chache, anapumua kidogo, kisha anarudia. Wa pili anatumia nguvu ndogo kwa saa nyingi mfululizo. Kreatini, kirutubisho cha msuli kinachouzwa kama unga au kapsuli, humsaidia wa kwanza. Wa pili itamsaidia kidogo sana au asione kitu kabisa.

Sababu iko ndani ya msuli. Msuli una akiba ya nishati ya haraka, fosfokreatini, inayotosha kama sekunde kumi tu za kazi ya kukaza meno. Ikiisha, nguvu zinashuka, na ukipumzika dakika chache inajaa tena. Ukila kreatini kila siku akiba hiyo huongezeka, kwa watu wengi kama asilimia 20, wengine zaidi, wengine kidogo. Mtu wa zege anaielewa vizuri hesabu hii. Ndoo ya lita 10 iliyojaa zege bichi ina uzito wa kilo 24 hivi, na siku ya kumwaga slabu unaiinua kwa mkupuo, unampasia mwenzako wa juu, unashusha mikono sekunde kadhaa, halafu inakuja nyingine. Ndoo ya kwanza huwa haina shida. Ukubwa wa akiba unaonekana pale ndoo zinapofuatana bila kupumzika vya kutosha. Hata hivyo, tafiti nyingi zilifanywa kwa wanamichezo na watu wa jimu, si kwa vibarua, kwa hiyo anayekuahidi utabeba magunia mara mbili ya jana anakuuzia maneno.

Kuna jambo moja linalompa kibarua faida kuliko mla kuku wa jimu. Mwili hujitengenezea kreatini kama gramu moja kwa siku, na inayobaki hutoka kwenye nyama na samaki. Ugali na maharage havina kreatini ya kuhesabika. Nyama mbichi ya ng'ombe ina gramu 4 hadi 5 kwa kilo, maana yake gramu 3 za kreatini ni karibu gramu 700 za nyama, na hapo hatujahesabu inayopotea kwenye kupika. Anayekula ugali maharage siku nyingi za wiki huanza akiwa na akiba ndogo, na mara nyingi ndiye anayeona tofauti zaidi.

Sasa twende dukani, kuanzia ninayoipendekeza hadi ninayokwambia uiache.

Ya kwanza: unga mtupu wa kreatini monohidrati

Kwenye kopo litasomeka "Creatine Monohydrate", na kwenye orodha ya viambato hakuna kingine. Hauna ladha ya embe wala rangi, na hauna hadithi. Ndio uliofanyiwa utafiti tangu miaka ya 1990, na ndio wa bei nafuu. Aina nyingine zote zinajipima kwake, na hakuna iliyothibitika kuushinda. Ukiona neno "Micronized", maana yake umesagwa laini zaidi ili usikae chini ya kikombe. Kama bei ni ileile chukua, kama imepandishwa sana achana nao, kwa sababu kwenye msuli kazi ni moja.

Linganisha bei kwa gramu ya kreatini, usiangalie ukubwa wa kopo. Hizi ni bei za mfano tu, wewe weka za dukani kwako. Tuseme kopo la gramu 300 ni shilingi 75,000. Gramu moja ni shilingi 250, na ukitumia gramu 3 kwa siku ni shilingi 750, kopo linakwenda siku 100. Ukitumia gramu 5, kama vipimio vingi vya ndani ya kopo vinavyokupa, ni shilingi 1,250 kwa siku na kopo linaisha kwa siku 60. Kwa mtu wa kilo 60 au 70, gramu 3 zinatosha. Mwenye mwili mkubwa aende 5.

Huko jimu watakwambia uanze na gramu 20 kwa siku, kwa siku tano mpaka saba, ili akiba ijae haraka. Ni kweli inajaa haraka. Lakini siku tano hizo zinameza gramu 100, theluthi ya kopo lako, na kipimo kikubwa namna hiyo huwaletea wengine kuharisha. Kuharisha ukiwa juu ya jengo saa saba mchana si mchezo. Gramu 3 kwa siku zitakufikisha palepale baada ya wiki nne hivi. Bosi wako hana mashindano ya Jumamosi, hivyo haraka ya nini?

Ya pili: unga huohuo wenye cheti cha maabara

Unga mwingi duniani hutengenezwa China, na mwingi wake ni mzuri tu. Ukiona jina "Creapure", huo unatoka Ujerumani kwa kampuni ya Alzchem na usafi wake unajulikana. Nembo za "Informed Sport" au "NSF Certified for Sport" zinamaanisha maabara ya nje imepima kama kuna dawa zilizokatazwa michezoni. Kwa ubora ilistahili namba moja. Nimeishusha kwa sababu ya bei, na kwa sababu kuli hapimwi mkojo baada ya zamu. Ila kama tofauti ni ndogo, au duka hulijui, lipia cheti.

Ya tatu: kapsuli

Ndani ni kilekile. Unacholipia ni urahisi, na hapo ndipo watu hupigwa. Chupa ya kapsuli 120 za miligramu 750 kila moja ina gramu 90 tu za kreatini. Ikiuzwa shilingi 60,000, gramu moja imekuwa kama 667, na gramu 3, yaani kapsuli nne, ni shilingi 2,000 kwa siku. Tena chupa inaisha ndani ya mwezi. Inamfaa mtu wa kambi za mkonge au za miwa anayelala chumba kimoja na watu wanane na hataki kopo lizungukwe na vijiko vya wenzake. Wengine wabaki kwenye unga.

Za nne: hidrokloridi, "buffered" na ndugu zao

Kreatini hidrokloridi huyeyuka upesi kwenye maji, hilo ni kweli. Kujaza msuli kuliko monohidrati halijathibitika. Ile iitwayo "buffered" ilipimwa ana kwa ana na monohidrati, lakini haikuishinda. "Ethyl ester" ni mbaya zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa huharibika na kuwa kreatinini, taka ambayo utaikojoa tu.

Za mwisho: pipi za kutafuna, za maji, na michanganyiko ya "pre-workout"

Kreatini iliyokaa kwenye maji huharibika polepole, na uchachu unaiharakisha, kwa hiyo ya chupa iacheni. Pipi za kutafuna zina sukari nyingi na bei ya juu, na vipimo vya maabara vimekamata baadhi yake zikiwa na kreatini pungufu kabisa ya ilivyoandikwa. Michanganyiko ya kabla ya mazoezi ndiyo ninayoiogopa kwa watu wa juani. Mara nyingi kreatini ni kidogo, na kafeini ni nyingi. Ukiona "Proprietary Blend", hawataki ujue kila kimoja ni kiasi gani. Kuna njia rahisi ya kuijua: kreatini haisikiki. Kama umekunywa na baada ya nusu saa moyo unapiga mbio na unaona unaweza kubeba lori, hiyo ni kafeini, na kwenye joto la machimbo au shamba la miwa inakuficha uchovu ambao mwili ulikuwa unakuonya.

Unga wa kupimiwa kwenye mfuko

Huu sijaupa nafasi, maana hujui unanunua nini. Kama ndio pekee ulionao karibu, uangalie hivi. Kreatini halisi ni nyeupe, haina harufu, na kwenye ulimi haina ladha au ina uchungu kwa mbali. Ikiwa tamu, kuna sukari. Tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji baridi ukoroge: kreatini haiyeyuki yote, chembe kama mchanga laini zinabaki chini, lakini kwenye maji ya uvuguvugu nyingi zinapotea. Ukiyeyuka wote papo hapo kwenye maji baridi, tia shaka. Chukua pia punje kidogo kwenye kisosi, dondoshea iodini ya kupaka vidonda. Ikigeuka bluu iliyokolea hadi nyeusi, umeuziwa wanga, pengine muhogo au mahindi. Mwaga, usionje. Majaribio haya yanakamata sukari na wanga tu, hayakwambii kama kuna kitu kingine kimefichwa.

Nani asinunue

Mwenye ugonjwa wa figo asiguse bila daktari wake. Mwenye kisukari au presha akapime figo kwanza. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, dozi za kawaida hazijaonyesha madhara. Wasiwasi wangu mkubwa uko kwenye diklofenaki. Vibarua wengi huimeza kila jioni kwa maumivu ya mgongo, na dawa za jamii hiyo huibana figo, hasa mtu akiwa hajanywa maji ya kutosha. Wakata miwa wa El Salvador na Nikaragua wamekumbwa na ugonjwa wa figo unaohusishwa na joto na kazi nzito. Kreatini siyo iliyowafikisha huko, lakini inaonyesha figo ya mtu wa juani huanza siku ikiwa tayari na mzigo. Ukienda kupima damu, mwambie daktari unatumia kreatini, kwa sababu inaweza kupandisha kipimo cha kreatinini hata figo ikiwa salama.

Ukishanunua

Saa ya kunywa haina maana kubwa, la muhimu ni kila siku, hata siku isiyo na kazi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hukaribia gramu 3 hadi 4. Koroga kwenye uji wa uvuguvugu asubuhi au maji baada ya chakula cha usiku, unywe hapohapo. Usiloweke leo ukanywa keshokutwa. Kopo lifungwe vizuri, lisikae karibu na jiko wala kwenye unyevu. Wiki za mwanzo mizani inaweza kuongezeka kilo moja au mbili. Hayo ni maji yaliyoingia kwenye misuli, sio kitambi.

Ipe wiki sita. Angalia mizigo ya mwisho ya siku, sio ya kwanza, na hakikisha kulala na kula havijabadilika. Kama wewe ni mla samaki na nyama kila siku, huenda usione kitu, kama akiba yako ilishakaribia kujaa. Hapo usinunue kopo la pili. Hela hiyo nunulia dagaa na maji ya kunywa kazini.