Chembe sahani chache au himofilia?

Chembe sahani za damu ndizo huziba tundu la mshipa papo hapo. Zikipungua mno, damu hutoka mara moja: fizi, pua, na vidoti vyekundu miguuni visivyofifia hata ukivibonyeza.

Himofilia, ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda vizuri, hutoa damu kwa kuchelewa. Mtoto wa kiume anaanguka asubuhi, mchubuko unakauka, kila mtu anasahau. Jioni goti limevimba na lina joto. Kizibo cha kwanza kilishika, ila protini ya kukiimarisha, namba 8 au 9, ni pungufu. Hapa idadi ya chembe sahani huwa ya kawaida, kwa hiyo picha kamili ya damu, kipimo kinachohesabu chembe zake, peke yake haitoshi. Dai pia kipimo cha muda wa damu kuganda.

Mzee mwenye mabaka ya zambarau mikononi tu, vipimo vyote vikiwa sawa? Aghalabu ngozi na vimishipa vyake vimedhoofishwa na umri na jua.