Kreatini kwa mcheza vinyoya: nilivyoiona hapa Mtwara

Kabla sijatoa hela ya kreatini, ule unga wa kuongeza nguvu wanaokunywa watu wa jimu, nilitaka kujua kitu kimoja tu: itanisaidia seti ya tatu? Tunachezea vinyoya kwenye ukumbi ambao madirisha inabidi yafungwe, upepo wa bahari usije ukapeperusha kinyoya, na kwa joto lile unakamua fulana. Seti ya kwanza kila mtu bingwa. Ya tatu ndiyo utamjua anayeruka smashi na anayepiga kasimama.

Inasaidia, ila si kama watu wa jimu wanavyoitangaza. Kreatini haiongezi pumzi. Kazi yake ni zile sekunde chache za nguvu zote: kuruka, kuchupa hadi kwenye wavu, kurudi nyuma mbio. Hapo msuli unatumia akiba ya kreatini fosfeti, ambayo huisha upesi na kujazwa tena mkivuta pumzi kati ya pointi na pointi. Akiba ikiwa kubwa, unaingia pointi inayofuata miguu ikiwa bado ina kitu. Smashi yangu ya kwanza haikuwa kali kuliko zamani. Zile za mwisho ndizo hazikulegea sana.

Nakunywa gramu 3 hadi 5 kila siku, kuwe na mazoezi kusiwe. Kwa mwendo huo msuli hujaa baada ya wiki tatu au nne, kwa hiyo anza mapema, si wiki ya mashindano. Mwenzangu wa dabo hakutaka kusubiri. Akapiga gramu 20 kwa siku, tano tano mara nne, wiki nzima. Akiba hujaa haraka kweli kwa njia hiyo, lakini tumbo lilimvuruga na mzani ukapanda karibu kilo mbili, maji yanayovutwa ndani ya msuli. Kwa mbeba vyuma si neno. Kwa anayeruka, kilo hizo unapaa nazo kila smashi, na yeye alilalamika miguu mizito.

Rafiki yetu wa mpira wa meza hakuona tofauti, na simshangai. Pointi zake zinaamuliwa na jicho na kiganja kuliko mapaja. Wa tenisi, anayekimbizana na mpira uwanja mzima na kupewa sekunde 25 tu kabla ya kuanza pointi nyingine, ana sababu zaidi ya kujaribu.

Unga wenyewe niliagiza Dar, ukaja kwa basi. Chukua kreatini monohaidreti tupu, ile ya kawaida, zile zenye majina marefu unalipia kopo. Kwa unyevu wa huku unaganda madonge. Ponda tu, haujaharibika. Maji baridi hauyeyuki vizuri, chembe zinabaki chini ya glasi, kwa hiyo naukoroga kwenye chai vuguvugu na kunywa papo hapo. Ukilala majini siku kadhaa hugeuka polepole kuwa kreatinini, taka isiyosaidia msuli ambayo mwilini hutolewa na figo.

Na ukienda kupimwa damu, mwambie daktari unaitumia, kwa sababu hiyo kreatinini inaweza kupanda kidogo kwenye damu akadhani figo zina shida. Mwenye figo mbovu aongee naye kabla hajanunua.